Kioo cha Mzigo Uliolala

Kiswahili kina neno moja tu, kioo, kwa kile unachojitazamia uso asubuhi na kwa kile kilichoziba dirisha la duka. Mimi napamba madirisha ya maduka hapa Tanga, na nakubaliana na wahenga waliotupa neno hilo moja. Saa tatu asubuhi, jua likipiga ukuta wa jengo la ng'ambo, dirisha la duka hugeuka kioo cha kujitazamia. Mpita njia anaona pikipiki, anaona mwenye muhogo wa kukaanga, anajiona mwenyewe. Viatu vilivyo nyuma ya kioo havioni. Ikifika saa moja usiku kioo kinafunguka, na ukiwa na taa tano tu zilizoelekezwa vizuri, kila kilicho ndani kinaonekana mpaka mshono.

Kwa hiyo mwenye duka anayetaka kumaliza mzigo wa zamani ana madirisha mawili, la mchana na la usiku, na mpango wake lazima uyatosheleze yote mawili. Nitaueleza kwa kutumia duka moja la viatu huko Ngamiani ambalo nililifanyia kazi mwezi wa pili, maana mambo yake yanafanana na ya maduka mengi.

Duka lina fremu moja. Dirisha lake lina upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 2.1, na ndani yake kuna nafasi ya kupanga yenye kina cha sentimita 70. Linatazama magharibi. Mwenyewe ni mama wa makamo aliyeanza kuuza viatu kabla mimi sijamaliza shule. Aliponiita alinipeleka moja kwa moja stoo, akawasha taa na kunionyesha maboksi yaliyopangwa hadi darini. "Mwanangu," akasema, "hivi vyote nilivilipia. Pesa yangu imelala humu na mimi nahitaji mzigo wa Idi."

Nikamwomba tuhesabu kwanza kabla hatujagusa dirisha. Yalikuwa maboksi 240, na tuliyafungua yote, moja baada ya moja, kwa siku nzima. Hii ndiyo sehemu ambayo wengi huiruka. Wanachapisha bango la punguzo leo, kesho wanaanza kugundua kilichomo kwenye maboksi, tena mbele ya mteja.

Kiatu kilichokaa stoo miaka minne au mitano katika joto na unyevu wa pwani si kiatu kile kile kilichoingia. Soli nyingi nyepesi zinazobonyea kama sponji hutengenezwa kwa poliurethani. Unyevu wa hewani huivunjavunja plastiki hiyo polepole kutoka ndani, hata kama kiatu hakijavaliwa siku moja. Kwa macho kinaonekana kipya kabisa. Kibonyeze soli kwa ukucha wa kidole gumba: ikiwa nzima inarudi, ikiwa imeoza inaacha shimo au inamomonyoka kama mkate wa juzi. Halafu kikunje kiatu mara mbili tatu uone kama gundi ya ubavuni inaachia. Tulipata pea 38 za namna hiyo. Mama aliuliza kama zinaweza kuwekwa bei ya chini kabisa. Nilimwambia hapana, na sikuwa na haja ya kumshawishi sana, kwa sababu alijua mwenyewe kwamba mtu akinunua kiatu Jumamosi kikamfia Jumapili kanisani, hatarudi dukani, na hatanyamaza. Zile 38 zilitoka.

Kundi la pili lilikuwa dogo lakini lilinifundisha namna duka lile lilivyokuwa likiishi. Pea 22 zilikuwa na mguu mmoja uliopauka. Maduka ya viatu huonyesha mguu mmoja dirishani na kuuweka wa pili ndani ya boksi. Dirisha hili hupigwa na jua kila alasiri, kwa hiyo mguu wa kulia ulikuwa umegeuka kutoka kahawia kuwa rangi ya chai ya maziwa, huku wa kushoto uking'aa kama siku ulipotoka kiwandani. Hizo tuliziweka kwenye tenga lake, zikapewa bei yake na karatasi inayosema wazi: "Rangi ya miguu imetofautiana."

Zikabaki pea 180 nzima. Nilipozipanga kwa namba, sababu ya kulala kwake ikajitokeza yenyewe. Kwa wanawake zilikuwa karibu zote namba 36, 41 na 42. Kwa wanaume zilikuwa 39 na 45. Zile za katikati, 38 mpaka 40 kwa wanawake na 41 mpaka 43 kwa wanaume, zilikwisha zamani. Viatu havikuwa vibaya, ila viliwakosa wenye miguu yake. Mtu mwenye namba 42 ya kike anajua tabu ya kuzunguka mji mzima akiambiwa "ya mwisho 40, dada." Yeye ndiye tuliyemtafuta, na hapo nikajua bango litasema nini.

Mama alikuwa na maneno yake tayari: PUNGUZO KUBWA HADI 70%. Kiatu kimoja tu ndicho kingepunguzwa kiasi hicho, vingine vyote vingepungua chini ya nusu. Nilimwomba tuliache neno "hadi". Mteja akiingia na asilimia 70 kichwani akakuta kiatu anachokitaka kimepungua asilimia 40, hajisikii kupunguziwa, anajisikia kudanganywa. Sheria nayo ina neno lake: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei. Ukiandika kwamba kiatu kilikuwa 35,000, kiwe kweli kiliuzwa 35,000 katika duka hilo. Kupandisha bei ya zamani kwa kalamu ili punguzo lionekane kubwa ni udanganyifu, na wateja wa mtaa huo huo wanazijua bei za mwaka jana kuliko unavyodhani.

Asilimia pia ina tatizo la namna yake. Anayepita hasimami kupiga hesabu. Mwandikie bei yenyewe. Viatu hivi vilikuwa vikiuzwa 35,000, na yeye alivinunua kwa 19,000. Tukakubaliana bei moja ya 20,000 kwa pea zote 180. Bei moja inaondoa vibandiko 180, inaondoa mabishano, na inaweza kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Faida ilikuwa ndogo sana, lakini alichokuwa akikinunua kwa bei hiyo ni nafasi stoo na pesa ya mzigo wa Idi. Zile za rangi mbili zikawa 8,000.

Sasa dirisha lenyewe. Nilianzia ng'ambo ya barabara na mkanda wa kupimia. Kutoka ukingo wa pili hadi kwenye kioo ni mita 12. Mafundi wa mabango wana kipimo cha mkononi ambacho hakijawahi kuniangusha: kila mita 3 za umbali zinataka sentimita 2.5 za kimo cha herufi, ili mtu asome akiwa anatembea bila kukaza macho. Kwa mita 12 hiyo ni sentimita 10. Nilichukua 12, kwa sababu barabarani kuna bajaji na vumbi. Maneno BEI YA KUMALIZA MZIGO kwa herufi za kimo hicho yanachukua karibu mita 1.9, kwa hiyo yaliingia vizuri kwenye upana wa mita 2.4 na kuacha pumzi pande zote mbili. Chini yake nikaweka 20,000 kwa tarakimu kubwa zaidi, za sentimita 25, kwa sababu hiyo ndiyo habari yenyewe.

Hayo ni maneno ya ng'ambo. Kuna maneno ya mtu aliyekwisha kuvuka, aliye mita 2 au 3 kutoka kwenye kioo. Kwake tuliandika kwa herufi za sentimita 3: "Wanawake 36, 41, 42. Wanaume 39, 45. Mpaka Jumamosi tarehe 28." Na kuna ya tatu, ile anayoisoma akiwa ameinamia kiatu chenyewe: kadi ndogo nyeupe inayosema kiatu ni cha ngozi au si cha ngozi, bei ya zamani imekatwa mstari, na bei mpya. Herufi za sentimita 1 zinatosha hapo. Mtu anasogezwa kwa ngazi hizo tatu, kila moja ikimpa sababu ya kupiga hatua nyingine. Ukiandika kila kitu kwa ukubwa mmoja, wa ng'ambo hasomi na wa karibu anapigiwa kelele.

Kuhusu rangi, nilitumia herufi nyekundu zilizokatwa kwenye stika na kubandikwa upande wa ndani wa kioo, na nyuma yake ubao mweupe. Nyekundu juu ya nyeupe inasomeka. Nyekundu juu ya nyeusi, ambayo vijana wa kuchapisha wanaipenda sana, jioni inazama kabisa, na njano juu ya nyeupe haionekani saa yoyote. Jihadhari pia na bango la karatasi lililochapwa. Jua hula wino wa njano na wa waridi kwanza na kuacha bluu, ndiyo maana mabango yaliyosahaulika madirishani yote yana sura ile ya ubluu wa maiti. Mtaa mzima unaisoma rangi hiyo na kuelewa kwamba punguzo la duka hili lipo kila siku, kwa hiyo si punguzo. Stika ya rangi moja iliyokatwa huvumilia jua zaidi, na kwa wiki tatu haibadiliki.

Maneno yote hayo niliyaweka juu na chini ya kioo, katikati pakabaki wazi. Kioo kikifunikwa zaidi ya robo, ndani panaanza kuonekana kama duka lililofungwa. Bango la nje, la kuning'inizwa juu ya kibaraza, hatukuliweka. Mabango ya nje yanatozwa ada, na kwa wiki tatu haikulipa.

Kabla ya kupanga viatu nilipima kimo cha macho, na hapa wapambaji wengi hukosea kwa kupima kutoka sakafu ya duka. Sakafu ya fremu hii imeinuliwa sentimita 25 juu ya njia ya miguu. Mteja amesimama chini, si juu. Macho ya mtu wa kimo cha kawaida yako kama sentimita 145 hadi 160 kutoka anaposimama, kwa hiyo ukipima kutoka sakafu ya ndani ni kati ya 120 na 135. Ngazi ya juu ya viatu niliiweka hapo chini kidogo, sentimita 105, ili mtu atazame kiatu kwa juu kidogo kama anavyokitazama kikiwa mguuni.

Nilitengeneza ngazi tatu za plaiwudi, kama vipandio, kila moja na kina cha sentimita 20, ya chini ikiwa inakaribia kuugusa kioo. Juu yake viatu 24 tu kati ya pea 180. Mama alishtuka. Alitaka vyote vionekane, ili watu wajue mzigo ni mwingi. Wazo lake lilikuwa na ukweli ndani yake: dirisha lenye kiatu kimoja juu ya kibao cha velveti linamwambia mtu "ghali", naye anapita bila kuuliza. Dirisha la kumaliza mzigo linatakiwa lionyeshe wingi. Lakini lundo linasema jambo jingine, linasema takataka, na mtu mwenye heshima zake haoni raha kuonekana anachokoa lundo barabarani. Njia iliyo katikati ni kurudia. Weka viatu vinane vya aina moja vikiwa vimetazama upande mmoja, vimeachana sentimita 4, ngazi nzima, kisha ngazi ya pili aina nyingine, na ya tatu aina nyingine. Jicho linaona wingi na linaona utaratibu kwa pamoja. Chini kabisa, pembeni, tuliacha maboksi kumi na mawili yamepandana na namba zake zikitazama barabara: 36, 41, 42, 45. Hayo maboksi yalifanya kazi kubwa kuliko nilivyotarajia.

Nyuma ya ngazi niliweka ubao wa plaiwudi wenye kimo cha sentimita 130 kutoka sakafuni, umepakwa rangi nyeupe ya maziwa isiyong'aa. Juu yake pakabaki wazi ili mtu aone kwamba duka lina watu na lina muuzaji. Weupe wa ubao huo si wa urembo. Hapa ndipo tunarudi kwenye kioo kinachogeuka.

Mwanga unaoangukia kitu hupimwa kwa laksi. Jua kali la adhuhuri linaangusha kama laksi 100,000, na chumba cha ofisi chenye taa nzuri kina kama 500. Kioo cha kawaida cha dirisha hurudisha karibu asilimia 8 ya mwanga unaokipiga kwa mbele. Inaonekana ndogo, lakini piga hesabu. Asubuhi ukuta wa ng'ambo unatazama jua. Picha yake inayorudi kwenye kioo ina nguvu sawa na kitu cheupe cha namna hiyo hiyo kilichomulikwa kwa laksi elfu kadhaa ndani ya dirisha. Taa zangu tano kwa pamoja zinatoa 1,000 hivi pale viatu vilipo. Hazishindani. Ukiongeza taa ziwe kumi bado unashindwa, na kadiri unavyoongeza unachoma umeme kumulika kitu ambacho hakuna anayekiona.

Kinachosaidia asubuhi ni mambo mawili yasiyo na gharama. La kwanza ni mandhari nyepesi nyuma ya bidhaa. Kioo huonyesha picha ya barabara kwa nguvu zaidi panapokuwa na giza nyuma yake, kama kilivyo kioo cha kujitazamia chenye mgongo uliozibwa. Nyuma pakiwa peupe, picha inapauka. La pili ni kusogeza bidhaa karibu na kioo. Ule ukuta unaokusumbua ndio huo huo unaomwaga mwanga wake ndani ya dirisha lako, na sentimita 20 za mwanzo ndizo zinazopata fungu kubwa. Viatu vilivyokaa mita moja ndani, ambavyo ndivyo vilivyokuwepo nilipofika, vilikuwa gizani mchana kutwa. Ngazi ya chini inayokaribia kugusa kioo ilikuwa taa yetu ya asubuhi.

Alasiri mambo yanageuka. Jua limehamia magharibi, ukuta wa ng'ambo uko kivulini, na kioo kiko wazi kabisa. Lakini sasa jua linaingia ndani lenyewe, na ndilo lililopausha ile miguu 22. Turubai la kibarazani lilitoka mita 1.2 mbele ya kioo. Jua likiwa nusu ya njia kati ya utosi na upeo, turubai la kiasi hicho linatupa kivuli cha mita 1.2 kwenda chini. Kuanzia saa kumi hivi jua linashuka chini zaidi na kuanza kupenya. Hatukuwa na dawa kamili. Tulichofanya ni kuvibadilisha viatu vya dirishani kila Jumatatu, na kuweka vyeusi na vyeupe kwenye ngazi ya chini, kwa kuwa vyekundu na vya kahawia ndivyo vinavyopauka upesi.

Usiku ndipo taa zinapostahili kulipiwa. Nilifunga reli moja ndani, juu, sentimita 10 nyuma ya kioo, ikiwa na taa tano za LED za wati 7 kila moja. Mahali pa reli ni jambo kubwa. Fundi umeme aliyetangulia alikuwa ameweka taa mbili ukutani nyuma, zikitazama barabarani. Kila aliyepita alipigwa na mwanga machoni, na viatu vilionekana kama vivuli. Taa ikiwa mbele na juu, ikielekezwa ndani na chini kwa mwinamo wa kama nyuzi 30 kutoka wima, mwanga unaupiga uso wa kiatu unaotazamwa, na jicho la mpita njia haliioni balbu. Namna ya kuhakikisha ni rahisi: simama nje, inama kidogo kama mtoto, kisha jinyooshe. Kama popote umeiona balbu yenyewe, igeuze.

Umbali nao una hesabu yake. Taa ile ile ikisogezwa kutoka mita 1 hadi mita 2, mwanga wake kwenye kiatu haupungui nusu, unabaki robo. Ndiyo maana taa za darini dukani, zilizo mita 3 juu, hazisaidii dirisha hata ziwe nyingi kiasi gani. Reli yangu iko juu kidogo ya mita 1 kutoka ngazi ya juu. Taa tatu zilimulika ngazi, moja ikamulika 20,000 iliyo kwenye ubao, kwa maana usiku stika ya kioo inakuwa kivuli, ikabidi tarakimu zirudiwe kwenye ubao wa nyuma. Ya tano ilienda kwenye maboksi. Sikumulika kila mahali sawa. Pakiwa na mwanga sawa kila kona, jicho halina pa kutua.

Kwenye boksi la balbu soma mambo mawili. La kwanza ni namba yenye K. Balbu nyingi zinazouzwa madukani kwetu ni 6500K, nyeupe inayoelekea bluu, na watu huipenda kwa sababu inaonekana kali. Chini yake ngozi ya kahawia inakuwa na rangi ya majivu. Kwa viatu nilichukua 3000K, yenye joto kidogo. La pili ni CRI, inayopimwa hadi 100, ambayo ni uwezo wa taa kuonyesha rangi ilivyo. Chini ya 80 nyekundu inafifia na maruni inafanana na nyeusi. Tafuta 90, na usipoipata usishuke chini ya 80. Mwenye duka mmoja aliniambia wateja wake walikuwa wakirudisha viatu asubuhi wakisema si rangi waliyoichagua jioni. Tulipoisoma balbu yake, haikuwa na CRI iliyoandikwa kabisa.

Kuhusu gharama, taa tano za wati 7 ni wati 35. Zikiwaka saa nne kila usiku, kwa mwezi hazifikii uniti 5. Tuliziwekea swichi ya saa, ziwake saa kumi na mbili na nusu jioni na kuzima saa nne na nusu usiku, ingawa duka linafungwa saa mbili. Mama aliona ni umeme wa bure kwa watu wasioweza kuingia. Wazo hili ni la zamani: Harry Gordon Selfridge alipofungua duka lake London mwezi Machi 1909, aliyaacha madirisha yakiwaka baada ya milango kufungwa. Mtu anayerudi kutoka kazini hanunui saa tatu usiku, lakini anaiona ile 42, na kesho anajua anakokwenda. Kifaa kinachogeuza umeme wa taa hizo hupata moto, kwa hiyo tulikiweka juu, mbali na karatasi na maboksi, mahali penye hewa.

Kabla ya kufungua tulifanya jaribio ninalolifanya kila mara. Nilivuka barabara, nikalipa dirisha mgongo, nikageuka, nikahesabu mpaka tatu, nikageuka tena. Nikajiuliza nimebaki na nini kichwani. Nikarudia saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa moja usiku, kila mara nikipiga picha kwa simu. Asubuhi ya kwanza nilibaki na 20,000 lakini sikujua ni bei ya nini, kwa sababu viatu vyeusi vya ngazi ya katikati vilikuwa vimemezwa na picha ya ukuta. Tukavibadilisha na vya rangi ya mchanga, na asubuhi iliyofuata vilionekana.

Tulianza Jumatatu tarehe 9, wiki tatu kasoro siku moja, na wiki ya mwisho iliangukia mishahara. Tarehe ya mwisho ilikuwa kweli ya mwisho. Siku ya nne akaingia dada mmoja, mrefu, mwenye mkoba wa ofisi begani. Hakuuliza bei. Aliuliza, "Ile arobaini na mbili iliyoandikwa pale, ipo kweli?" Aliondoka na pea nne, na jioni akamleta dada yake.

Jumamosi tarehe 28 usiku zilibaki pea 27, nyingi zikiwa namba 39 za wanaume. Mama alitaka tuongeze wiki moja. Tulizungumza kwa muda pale kwenye kibaraza, kisha akaamua zile 27 zichukuliwe na kijana anayeuza mnadani, kwa bei ya jumla. Jumapili asubuhi nililowesha stika kwa maji ya moto yenye sabuni, nikazikwangua kwa wembe wa bapa, nikafuta kioo kwa gazeti. Ubao mweupe ulibaki mahali pake. Reli ilibaki. Mama alikuwa stoo akifagia upande ambao sakafu yake ilikuwa haijaonekana kwa miaka, akiniita nikampimie ukuta kwa ajili ya rafu za mzigo wa Idi.